Viboga 14 vilivyonyauka: kisa cha bustani iliyokosa chavua

Shangazi yangu aliniita nikaone maboga yake wakati ambapo alishaanza kufikiria kuyang'oa. Alikuwa ameniwekea kwenye sahani viboga vitano, kila kimoja kikilingana na dole gumba. Vilikuwa vimepoteza mng'ao, vimegeuka njano kuanzia upande wa ua, na ukivibonyeza vinabonyea. Hivyo vilikuwa vya wiki ile tu. Tangu viboga vya kwanza vionekane zilikuwa zimepita wiki tatu, na kwa hesabu yake vilikuwa vimedondoka 14. Hakuna hata kimoja kilichofikia ukubwa wa yai.

Bustani ilikuwa na mashina sita: manne ya maboga yanayotambaa na mawili ya zukini. Majani yalikuwa mapana na ya kijani kilichokolea, kiasi kwamba mtu akitazama kwa mbali angesema hapa mavuno yapo. Hilo ndilo lililomchanganya Shangazi. Kila kiboga kilipoanguka aliongeza mbolea, na kila alipoongeza mbolea majani yalizidi kustawi huku viboga vikiendelea kuanguka. Alikuwa ameweka samadi mara mbili na urea mara moja. Tena kila baada ya siku tatu, asubuhi, alipulizia dawa ya wadudu kwa sababu majani yalikuwa yakitobolewa na mbawakawa.

"Nimefanya yote, mwanangu," aliniambia. "Hata yale maua ya uongo nayatoa kila asubuhi ili yasiwanyonye wenzake."

Nilimwomba anionyeshe maua ya uongo ni yapi. Akainama, akapekua majani, akanishikia ua kubwa lililonyauka, limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. "Haya hapa. Yanachanua, yananyauka, hayazai kitu. Hili lilinipita."

Nilihisi tayari tumefika karibu na jibu, lakini sikutaka kulirukia. Kiboga huanguka kwa sababu zaidi ya moja, na dawa ya sababu moja haiponyi nyingine.

Kusoma kiboga kilichoanguka

Nilianza na vile vitano vya kwenye sahani. Nilivipasua kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi mahali ua lilipokuwa, na nikamwita Shangazi tuangalie pamoja. Tulichokuwa tunatafuta kwanza ni funza. Inzi wa matunda hutoboa ngozi ya kiboga kichanga na kutaga mayai ndani. Nje hubaki alama ndogo kama ya kuchomwa sindano, mara nyingi ikiwa na tone la utomvu lililoganda, na ndani unakuta njia za kahawia na funza weupe. Ndani ya viboga vya Shangazi nyama ilikuwa safi, ya kijani hafifu, bila tundu wala njia.

Kisha tukaangalia ncha ya mbele, pale ua liliposhikia. Wakati wa mvua nyingi kuna ukungu unaoanzia kwenye ua lililonyauka na kushukia kiboga. Ukiwa ndio huo, ncha inakuwa laini yenye majimaji, na juu yake huota vinyweleo vyenye vichwa vyeusi kama vichwa vya pini. Hapa ncha ilikuwa imesinyaa tu na kukauka, haikuoza. Kuna pia ule ugonjwa wa doa jeusi gumu lililobonyea kwenye ncha ya tunda, unaotokana na tunda kukosa kalisi, hasa pale umwagiliaji unapokwenda kwa kurukaruka. Huo huonekana zaidi kwenye matunda ambayo tayari yameshaanza kukua vizuri, si kwenye viboga vya ukubwa wa dole gumba.

Kilichobaki mbele yetu kilikuwa kiboga kisicho na jeraha wala ugonjwa, ambacho hakikukua tangu siku ua lake lilipofunguka, kikageuka njano kutoka mbele kwenda nyuma, kikadondoka kabla wiki haijaisha. Hiyo ndiyo sura ya kiboga ambacho hakikupata chavua. Mmea haupotezi nguvu kulisha tunda ambalo halina mbegu ndani yake. Unalikatia chakula na kuliangusha.

Hili watu wengi hawalitarajii, kwa sababu kiboga kinaonekana kimeshazaliwa. Kipo pale, kina umbo kamili la boga, hata mistari yake inaonekana. Lakini kile si tunda bado. Ni ovari ya ua, chumba chenye vijiyai vinavyosubiri chavua, na kimejitokeza nje chini ya petali hata kabla ua halijafunguka. Macho yetu yanaliita boga mapema mno.

Maua ya uongo

Jioni hiyo, jua likiwa linashuka, tulipita shina moja baada ya jingine. Jioni ni wakati mzuri wa kazi hii kwa sababu matumba yatakayofunguka kesho yake yanajionyesha: ncha imeshaacha kijani na kuwa ya njano au rangi ya chungwa, na limevimba ingawa bado limejifunga. Tumba ambalo lote ni kijani lina siku zake bado.

Nilimwonyesha Shangazi namna ya kutofautisha bila hata kusubiri lifunguke. Unatazama nyuma ya ua, pale linapokutana na kikonyo. Ua jike lina kiboga pale. Kwenye boga la duara ni kibonge kidogo kama marumaru, na kwenye zukini ni kijiti kinene kama kidole. Kikonyo chake ni kifupi na kinene, kwa hiyo ua hukaa chini, karibu na shina, na majani hulificha. Ua dume halina kitu pale nyuma. Kikonyo kinaingia moja kwa moja kwenye ua, nacho ni chembamba na kirefu, kinalinyanyua ua juu kati ya majani.

Nilipasua tumba moja dume na nikamwonyesha ndani. Katikati mna nguzo moja iliyosimama kama utambi wa mshumaa, na ua likishafunguka nguzo hiyo huvaa unga wa njano. Ukiigusa, unga unabaki kidoleni. Ndani ya ua jike hakuna nguzo hiyo. Kuna stigma, donge fupi nene lenye sehemu tatu, kila sehemu ikiwa na mpasuko katikati, na juu yake panang'aa kwa ute unaonata. Ute huo kazi yake ni kuikamata chavua.

"Kwa hiyo haya ninayoyatupa..." Shangazi alianza, kisha akanyamaza.

"Ndiyo baba za maboga, Shangazi."

Alikaa kimya kidogo. Nami nilimwelewa, kwani ni kosa ambalo mtu makini ndiye hulifanya. Mashina ya maboga kwa kawaida hutanguliza maua dume, wakati mwingine kwa wiki moja au mbili kabla ya jike la kwanza kuonekana. Maua hayo ya mwanzo huchanua, hujifunga na kudondoka pamoja na kikonyo chake, na anayeyahesabu anaona hasara tupu. Kumbe hakuna kilichopotea, ua dume kazi yake imekwisha siku ile ile. Na ni kweli kwamba dume ni mengi kuliko jike, pengine mara kadhaa, kwa hiyo ukiyapunguza machache bustani haidhuriki. Tatizo lake lilikuwa muda. Shangazi aliyatoa asubuhi na mapema, kila lililofunguka, katika saa zile zile ambazo jike nayo yalikuwa wazi yakisubiri.

Ua la boga, dume kwa jike, huishi asubuhi moja. Linafunguka alfajiri, na kufikia saa 4 au saa 5 limeshaanza kujikunja. Siku ya pili halifunguki tena. Ua jike lililokosa chavua asubuhi hiyo limekosa moja kwa moja, hata kama mchana wake litazungukwa na nyuki mia.

Asubuhi ya kwanza

Jioni ile tulihesabu matumba matano jike yaliyo tayari kwa kesho: manne kwenye maboga na moja kwenye zukini. Dume yalikuwa tisa, yote kwenye maboga. Zukini hazikuwa na dume hata moja la kesho.

Nilipendekeza jambo ambalo Shangazi hakulipenda. Nilitaka jike mawili ya maboga tusiyaguse kabisa, tuyafunge uzi mweupe kwenye kikonyo na kuyaacha. Yale matatu mengine tutayachavusha kwa mkono na kuyafunga uzi mwekundu. Aliniuliza kwa nini niyaache mawili yafe makusudi. Nilimweleza kwamba tukiyachavusha yote na yakashika, hatutajua kama ni mikono yetu au ni bahati ya siku hiyo. Uzi mweupe ndio utakaotuambia kama nyuki wanakuja au hawaji. Alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa bustanini, na safari hii hakuna aliyetoa ua wala kupulizia dawa. Kwanza tulikaa kimya tukitazama. Hadi saa 1 na nusu tuliona sisimizi ndani ya maua, vijidudu viwili vitatu, na nyuki mmoja tu aliyeingia ua dume moja akatoka na kwenda zake. Sisimizi hawasaidii. Chavua ya boga ni nzito na inanata, punje zake ni kubwa zikilinganishwa na za mimea mingi, kwa hiyo upepo hauibebi. Inahitaji mdudu mwenye mwili wa manyoya anayepita ua baada ya ua: nyuki wa asali, au wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Hao ndio tuliokuwa tumewakosa, na sababu haikuwa mbali. Dawa ya asubuhi ilikuwa ikiwapata wakiwa ndani ya maua.

Kisha tukaanza kazi. Nilichuma ua dume pamoja na kikonyo chake, nikaligusa kwa ncha ya kidole kuona kama unga unatoka. Kama asubuhi ina baridi na umande, chavua huchelewa kuachia, na ukikuta kidole kinatoka kikavu bila rangi, unangoja robo saa kisha unajaribu tena. Huu wetu ulitoka vizuri. Nikang'oa petali zote, ikabaki ile nguzo juu ya kikonyo kama brashi ndogo. Nikaishika nguzo hiyo na kuisugua polepole kwenye stigma ya ua jike la kwanza, sehemu zote tatu, nikizunguka hadi nikaona unga wa njano umetanda juu ya ute. Nikachukua dume la pili na kurudia. Ua dume moja likiwa na chavua ya kutosha linatosha, lakini mawili ni akiba nzuri, kwani boga moja hubeba mamia ya mbegu na kila mbegu inataka punje yake. Mwishowe nikazikunja petali za jike juu na kuzifunga kwa uzi ili sisimizi na umande visivuruge.

Watu wengine hutumia brashi ya rangi au kipande cha pamba. Inawezekana, lakini kwa kuwa chavua hii inanata, nusu yake hubaki kwenye brashi. Ua lenyewe ni chombo bora kuliko vyote.

Ua jike la pili alilichavusha Shangazi mwenyewe. Alitumia dume moja, akaligusisha mara moja upande mmoja wa stigma, akaliondoa haraka kana kwamba anaogopa kuliumiza. Niliona lakini sikusema kitu, kwa sababu lilikuwa ua lake na nilitaka tuone litakuwaje.

La tatu lilikuwa la zukini. Kwa kuwa halikuwa na dume lake, tulichukua dume la boga tukalisugua vizuri kabisa. Hapa nilimwambia wazi kwamba sitarajii mengi.

Siku tano

Siku mbili za mwanzo hazina habari. Petali zinanyauka kwenye viboga vyote, vilivyochavushwa na visivyochavushwa, na mtu akitazama hapo anaweza kudhani vyote vinakufa. Kunyauka kwa petali si dalili ya chochote, dalili iko kwenye kiboga chenyewe.

Siku ya tatu tofauti ikaanza. Kiboga cha kwanza chenye uzi mwekundu kilikuwa kimenenepa na ngozi yake iking'aa kama imepakwa mafuta. Kikonyo chake kilikuwa kimeanza kuinama kuelekea chini. Viwili vya uzi mweupe vilikuwa bado na ukubwa ule ule, lakini mng'ao ulishapotea. Siku ya tano hapakuwa na la kubishania. Cha kwanza kilikuwa kimezidi mara mbili ya ukubwa wake wa awali. Vile vyeupe vyote viwili vilikuwa vya njano hadi katikati, na kimoja kilidondoka nilipokigusa.

Cha Shangazi kilikuwa kimeshika, naye alifurahi sana. Lakini kilikuwa kinanenepa upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki mwembamba, kikapinda kama sikio. Wiki tatu baadaye alikikata, na nilimwomba tutazame mbegu kabla hajazitoa. Upande ulionenepa mbegu zilikuwa nene na zimejaa. Upande mwembamba zilikuwa maganda matupu, bapa. Tunda hunenepa pale penye mbegu zinazokua, na mbegu hukua pale palipofikiwa na chavua ya kutosha. Alikuwa amegusa sehemu moja ya stigma kati ya tatu, na boga likaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Ukiona bustanini maboga yaliyopinda au zukini zilizochongoka mbele kama kiazi kilichokosewa, usianze kutafuta ugonjwa. Kuna mdudu alipita, lakini alipita mara chache mno.

Kile cha zukini kilidondoka siku ya nne. Maboga haya ya Shangazi yana majani yenye mabaka meupe kwenye mishipa, na kikonyo cha boga likikomaa huwa kigumu, chenye pembe tano, kikitanuka pale kinaposhika tunda. Hiyo ni spishi tofauti na zukini, ingawa maua yake yanafanana kiasi kwamba ukiyaweka mezani huwezi kuyatenganisha kwa haraka. Chavua ya spishi moja kwa ua la nyingine mara nyingi haishiki, na hata ikishika mbegu huwa chache. Kwa hiyo dume la zukini kwa zukini, la boga kwa boga la aina hiyo hiyo ya majani na vikonyo. Aina mbili tofauti ndani ya spishi moja hazina shida, zinapokeana vizuri.

Shangazi aliniuliza swali ambalo huulizwa sana: je, nikichanganya aina mbili, boga nitakalokula litabadilika ladha? Halibadiliki. Nyama ya boga ni ya mama, ni ya shina lililolizaa. Kinachobadilika ni mbegu zilizo ndani, na mabadiliko hayo yataonekana kwenye mashina ya msimu ujao. Kama unataka kutunza mbegu za aina yako bila mchanganyiko, basi jioni ya kutangulia funga matumba ya dume na ya jike kwa uzi au utepe wa karatasi wenye gundi kabla hayajafunguka, uyachavushe asubuhi kwa mkono, kisha ulifunge tena jike papo hapo. Bila hivyo huwezi kujua nyuki alitoka wapi.

Zukini na tatizo la dume

Zukini zilitusumbua kuliko maboga. Shina la zukini halitambai, linakaa kama kichaka, na likiwa changa, hasa hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, linaweza kutoa jike kadhaa kabla ya dume. Joto na siku ndefu huvuta upande wa dume. Mashina mawili hayatoshi kukupa uhakika kwamba asubuhi yoyote ile kutakuwa na dume na jike pamoja.

Tulichofanya ni kuviziana na matumba. Jioni tulipoona tumba dume la zukini lenye ncha ya njano, tulilikata na kikonyo kirefu, tukaliweka kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba. Asubuhi likafunguka humo humo, chavua yake ikiwa kavu, haijaguswa na umande wala mdudu. Njia hii ni msaada mkubwa pia siku ambayo mvua inatarajiwa usiku, kwa sababu chavua ikilowa huganda na kupasuka, haifai tena. Jike nalo siku kama hiyo unalivika mfuko mdogo wa karatasi jioni, au unalifunga ncha kwa uzi lisijifungue.

Zukini ya kwanza tuliyochavusha kwa dume lake, saa 1 asubuhi, ilishika bila shida. Siku ya sita Shangazi aliivuna. Ya pili ilitufunza jambo. Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa na safari, akarudi saa 4 na robo, akakuta ua jike limeshaanza kujikunja. Alilifungua kwa vidole akalisugua kwa dume lililokuwa kwenye glasi. Alifanya kila kitu sawasawa, na lilidondoka siku ya tano. Kadiri jua linavyopanda, chavua inapoteza uhai na stigma inakauka, na siku za joto kali dirisha hilo huwa fupi zaidi. Mimi huhesabu saa 3 kuwa mwisho wa kazi. Baada ya hapo najaribu tu kama sina la kupoteza.

Uzi mwekundu uliodondoka

Wiki ya tatu ya kazi yetu Shangazi alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Kiboga chenye uzi mwekundu, alichokichavusha mwenyewe mapema, kwa dume mawili, sehemu zote tatu, kilikuwa kimegeuka njano. Nilimuuliza kiko kwenye shina lipi. Kilikuwa kwenye shina la kwanza, ambalo tayari lilikuwa limebeba maboga matatu, moja likiwa limefikia ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Hapa uchavushaji haukuwa na kosa. Shina lina uwezo wake, na likishakuwa na maboga makubwa yanayokua huwa linayapa hayo kipaumbele na kuangusha wachanga wanaofuata, hata kama wamechavushwa vizuri. Shina la maboga makubwa kwa kawaida hubeba mawili au matatu kwa wakati mmoja. Zukini ni tofauti, kwani huvunwa changa, na kila unapovuna shina hupata nafasi ya kulisha nyingine. Ukiiacha moja ikomae juu ya shina, nyingine hupungua. Kukosa maji siku kadhaa mfululizo na kivuli kingi navyo huangusha viboga vilivyochavushwa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mikono yako hesabu kwanza maboga yaliyopo juu ya shina hilo. Nilimshauri Shangazi aache kuchavusha kwenye shina la kwanza na aelekeze nguvu kwenye matatu mengine ya maboga.

Mbolea alikuwa ameshaiacha. Urea ilikuwa ikisukuma majani, na nitrojeni inapozidi mmea huendelea kutanda na kuchelewa kutoa jike. Kwa viboga ambavyo vimekosa chavua mbolea haina msaada wowote, hata ungemwaga gunia zima.

Jambo gumu lilikuwa dawa ya wadudu. Mbawakawa walikuwapo kweli na majani yalikuwa yakiliwa. Tulikubaliana kwanza awaokote kwa mkono asubuhi, wakiwa bado wazito kwa baridi, na ikibidi kupulizia basi iwe jioni maua ya siku hiyo yakiwa yameshajifunga, tena kwenye majani yaliyoshambuliwa tu, mbali na matumba ya kesho. Hata hivyo, dawa nyingine hukaa kwenye majani siku kadhaa, kwa hiyo jioni peke yake haimlindi nyuki kwa kila dawa. Maelezo ya kwenye chupa kuhusu nyuki yasomwe kabla ya kununua. Shangazi aliamua kuokota tu. Matundu yaliongezeka kidogo, lakini shina la maboga lenye majani mengi linavumilia matundu.

Kila wiki tuliacha jike jingine moja bila kuligusa na kulifunga uzi mweupe. La wiki ya pili lilidondoka. La wiki ya tatu nalo likadondoka. Wakati huo nyuki walikuwa wameanza kuonekana, wawili, watatu kwa asubuhi, wakiingia dume zaidi kuliko jike. Wiki ya nne uzi mweupe ulibaki kwenye kikonyo kilichoinama, na kiboga chake kilikuwa kimeanza kung'aa. Kilinenepa pande zote, ingawa ncha ilikuwa nyembamba kidogo.

Wiki ya tano nilimtembelea. Nilimkuta amechutama kwenye shina la nne, amenyanyua majani kwa mkono mmoja. Chini yake kulikuwa na boga la ukubwa wa ngumi mbili, la duara kamili, lisilo na uzi wowote kwenye kikonyo. Hakuwa na habari nalo. Pembeni yake, kwenye ua dume lililosimama juu ya kikonyo kirefu, nyuki mkubwa mweusi alikuwa amejaa unga wa njano mgongoni, na Shangazi aliyashikilia majani pale pale, bila kutikisika, hadi alipotoka.